Dola tatu za kweli juu ya sanduku la karatasi nyeusi

*Mtaalamu, shikamoo. Hapa Dar es Salaam mimi na kaka yangu tumeonyeshwa sanduku ambalo wanasema lina dola milioni tano zilizopakwa rangi nyeusi. Kaka alichagua karatasi tatu mwenyewe, zikaoshwa kwa dawa mbele yetu zikawa dola mia mia. Tulizipeleka wenyewe kubadilisha, zikapokelewa bila shida. Sasa wanataka shilingi milioni kumi na mbili za kununua dawa ya kuosha zilizobaki, na sisi tupewe asilimia thelathini. Kaka anasema kemia hiyo ipo kweli, na ameshaanza kuuza kiwanja. Kama ni utapeli, zile dola tatu zilitoka wapi?*

Marahaba, dada yangu. Zilitoka mfukoni mwao. Ni dola mia tatu halali ambazo waliamua kuwaachia, na ukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500 hiyo ni shilingi 750,000. Huo ndio mtaji wao. Wametoa laki saba na nusu ili wapate milioni kumi na mbili, na hiyo milioni kumi na mbili ni awamu ya kwanza tu. Naomba kiwanja kisiuzwe leo wala kesho, hata kama mnunuzi ameshapatikana. Mengine tutayaeleza taratibu.

Kaka yako hajakosea kusema kuna kemia pale. Ipo, ila ni ndogo mno, na viungo vyake vinauzwa madukani kwa kawaida. Noti halali hupakwa kwanza gundi nyeupe ya kawaida ili ipate ngozi ya kuikinga, kisha hutiwa kwenye iodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda. Ikikauka inakuwa nyeusi na ngumu, hata mkononi unahisi umeshika karatasi ya manila. Hiyo "dawa ya kuoshea" mara nyingi ni vidonge vya vitamini C vilivyosagwa na kuyeyushwa kwenye maji. Vitamini C ikikutana na iodini huigeuza kuwa iodidi, ambayo haina rangi, weusi unatoweka, gundi inalainika na kutoka, na noti inabaki kama ilivyokuwa. Wachunguzi wa Marekani walishaliweka hili hadharani tangu miaka ya 2000. Katika kesi moja dawa iliyokamatwa ilipopimwa ilikutwa ni unga wa juisi uliokorogwa kwa maji. Kwa lugha ya maabara kilichotokea kwenye lile beseni ni hiki:

```
C6H8O6 + I2 → C6H6O6 + 2HI
```

Cha kwanza ni vitamini C, cha pili ni iodini. Angalia upande wa kulia wa mshale: hakuna dola iliyozaliwa. Kilichobadilika ni rangi ya iodini peke yake, na noti ilikuwa noti tangu kabla haijapakwa.

Kama kaka anaamini macho yake kuliko maneno yangu, mfanyie jambo hili jikoni kwenu. Nunua chupa ndogo ya iodini na vidonge vichache vya vitamini C. Chukua kipande cha karatasi nyeupe ya kuchapishia, kidondoshee iodini. Karatasi nyingi za aina hiyo zina wanga, kwa hiyo doa litakuwa la bluu iliyokolea, karibu na weusi. Ikiwa karatasi yako haikubali, tumia tonge la ugali, huo wanga haukosekani. Saga kidonge, kiyeyushe kwenye maji kidogo, mwagia juu ya doa. Weusi utapotea mbele ya macho yake. Tupa ule ugali, usiliwe, na iodini iweke mbali na watoto. Akishaona doa limeyeyuka kwa kidonge cha bei ya chini kabisa, muulize kwa nini dawa ya watu wale igharimu milioni kumi na mbili.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapata wengi, maana najua atasema: "Lakini karatasi nilizichagua mimi." Alichagua, sawa. Ila karatasi aliyoichagua sio iliyooshwa. Burungutu lile ni karatasi nyeusi ya kawaida iliyokatwa kwa kipimo cha dola, na ndani yake au pembeni yake kuna noti chache zilizopakwa iodini. Wakati mwingine zile zilizopakwa zimepangwa mahali ambapo mkono wa mgeni huenda wenyewe, kwa mfano juu kabisa ya bando lililofunguliwa, huku mabando mengine yakiwa yamefungwa kwa plastiki na "hayaruhusiwi kuguswa". Mara nyingi zaidi karatasi hubadilishwa baada ya kuchaguliwa. Mwambie kaka akumbuke kwa utulivu nani alishika ile karatasi kati ya mkono wake na beseni. Nina hakika atakumbuka kwamba aliipokea mtu mwenye glavu, akaipaka unga au akaifunga kwenye pamba au karatasi ya fedha ya kufungia chakula, ndipo ikaingia majini. Kubadilisha kunafanyika hapo, kwa sekunde mbili, na ndiyo maana beseni huwa na maji machafu yasiyoonekana chini. Noti iliyopakwa inaweza kuwa ilikwisha lala humo kabla nyinyi hamjaingia chumbani, na karatasi aliyoichagua kaka ikabaki chini ya maji hayo hayo. Halafu mtu mwingine anawaita mtazame kitu fulani, labda cheti chenye mihuri au simu ya "mzungu wa dawa" kutoka nje. Mnageuza shingo.

Kuzipeleka noti tatu kubadilisha ni sehemu ya mchezo wao, na wao wenyewe ndio hupenda mzipeleke. Wanajua kaunta itazikubali kwa sababu ni halali. Kile mlichothibitisha pale ni kwamba noti tatu ni nzuri. Kuhusu sanduku hamkuthibitisha chochote, na hapo ndipo akili ya mtu huruka bila kujijua, kutoka noti tatu hadi noti elfu hamsini.

Tulitazame hilo sanduku basi. Dola milioni tano kwa noti za mia ni noti 50,000. Noti moja ya dola ina uzito wa takriban gramu moja, kwa hiyo sanduku lile peke yake lilipaswa kuwa na kilo 50 bila kuhesabu chuma chake. Ni mfuko mzima wa saruji. Kama kijana aliliingiza kwa mkono mmoja, au akalisogeza kwa mguu, mnalo jibu. Wengi hupanga tabaka la juu tu, chini wakajaza magazeti au mbao. Ila uzito ukiwa sawa msidanganyike, kwa maana karatasi nyeusi nayo ina uzito wake. Kipimo hiki kinaweza kuwaumbua, hakiwezi kuwasafisha.

Dawa haiwezi kuigeuza karatasi nyeusi kuwa dola kwa sababu dola yenyewe si karatasi iliyotiwa wino tu. Imetengenezwa kwa pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, ndani yake kuna nyuzinyuzi nyekundu na za bluu zilizochanganywa tangu kiwandani. Noti ya mia ina uzi uliozamishwa ndani ya karatasi, ambao chini ya taa ya miale ya urujuani unang'aa waridi. Toleo lililoanza kutumika mwaka 2013 lina utepe wa bluu uliofumwa ndani ya karatasi, ambao ukiinamisha noti picha zake zinatembea. Maandishi yamechapwa kwa mashine yenye mgandamizo mkubwa hadi ukipitisha kucha kwenye bega la Franklin, yule mtu aliye kwenye picha ya noti, unasikia mikwaruzo. Na kila noti ina namba yake. Hakuna maji duniani yanayofuma utepe wala yanayoandika namba tofauti 50,000.

Watasema basi kwamba dola ni halali, zimefunikwa rangi tu, kwa ajili ya usalama zilipokuwa zikisafirishwa. Hadithi hubadilika: mara ni msaada wa Umoja wa Mataifa uliokwama, mara ni hazina ya kiongozi aliyepinduliwa, siku hizi Gaddafi hutajwa sana kama zamani alivyotajwa Mobutu. Zote zinakwama mahali pamoja. Rangi za kuchafua noti zipo kweli. Benki na magari ya kubebea fedha huko Ulaya na Marekani yana vifaa vinavyopasuka na kumwaga wino mwizi akivunja sanduku. Lakini wino ule umetengenezwa usitoke. Ungekuwa unatoka kwa beseni la maji, majambazi wasingekuwa na sababu ya kuuogopa. Na mwenye halali ya fedha zilizochafuka hahitaji kutafuta dawa mtaani, kwa sababu benki kuu zina utaratibu wa kubadilisha noti zilizoharibika. Benki Kuu ya Tanzania hubadilisha za kwetu, na Marekani ofisi ya serikali inayochapa dola hupokea zilizoharibika, ikazichunguza na kumlipa mwenye nazo bila kumtoza. Mwenye dola milioni tano za haki angekata tiketi ya ndege kwenda huko. Asingewatafuta nyinyi wala mimi.

Jina la dawa nalo lisiwatishe. Kwenye chupa huandikwa SSD, kwa herufi kubwa na alama ya fuvu. Katika kemia hakuna kitu cha kusafishia fedha kinachoitwa hivyo. Halipo katika orodha za viwanda vinavyouza kemikali za maabara, na lipo midomoni mwa watu hawa tu. Msinuse chupa hizo wala msiziguse, kwa kuwa kilichomo hakijulikani, na wengine huweka tindikali au amonia ili harufu ikali imshawishi mteja.

Sasa nikuonyeshe njia mliyowekewa, maana ni ile ile kila mara, ikibadilika majina tu. Kaka akipeleka milioni kumi na mbili, siku ya kuosha itapangwa. Mtaitwa nyumba ya kupanga au chumba cha hoteli, kamwe si nyumbani kwa mtu. Dawa italetwa, na hapo kuna tatizo: imeganda kwa sababu ya joto, au chupa imedondoka, au mtu fulani aligusa fedha akiwa hajavua pete na "mchakato umekataa". Inatakiwa poda ya kuiwasha, milioni sita. Kaka ameshaweka kumi na mbili. Kwake yeye sita sasa si fedha ya kununua dawa, ni fedha ya kuokoa kumi na mbili. Atakopa. Inakuja zebaki, inakuja ada ya fundi kutoka nje, inakuja kodi ya mashine. Kila hatua wanaweza kuosha noti moja zaidi ili tumaini lisife, na hapo wanapoteza laki mbili na nusu kupata milioni kadhaa. Ukijumlisha kumi na mbili, sita, na tuseme nne za mashine, ni milioni ishirini na mbili walizopokea dhidi ya noti nne walizotoa, ambazo ni milioni moja kamili.

Mwisho wake huja kwa namna mbili. Ya kwanza, simu hazipatikani. Ya pili ni mbaya zaidi: wakati mnakabidhiana, mlango unagongwa, wanaingia watu wanaojiita polisi, wana pingu na redio, wanakamata kila kitu, "wakubwa" wanakimbia kwa dirishani, na nyinyi mnaachiwa muondoke mkishukuru Mungu. Hao polisi ni wenzao. Faida yake kwao ni kwamba mtu aliyekimbia namna hiyo haendi kituoni kushtaki.

Kuna tawi jingine la mchezo huu ambalo lazima nilitaje, kwa sababu kaka akisema hana milioni kumi na mbili taslimu kwa dawa, wanaweza kumhamishia huko. Wanasema noti nyeusi au karatasi nyeupe zinahitaji noti safi za kuzibandikia ili "zinyonye sura", noti moja katikati ya karatasi mbili. Zako zinatoka salama, wanasema, pamoja na mpya mara mbili yake. Wataanza na noti kumi za elfu kumi zako, na kweli zitatoka thelathini, maana laki mbili wameongeza wenyewe. Mara ya pili unaleta zote. Zinapangwa mbele yako, zinamwagiwa dawa, zinafungwa kwenye karatasi ya fedha na utepe mweusi, unakabidhiwa bando lako mwenyewe ulipeleke nyumbani, na unaambiwa usilifungue kwa siku tatu, mwanga ukiingia zinaungua. Bando ulilobeba si lile lililofungwa. Lilibadilishwa na mfano wake uliokuwa chini ya meza au ndani ya begi, na ndani yake kuna karatasi tupu. Zile siku tatu hazina kazi yoyote kwenye kemia. Ni muda wa wao kuhama nyumba na kutupa laini za simu.

Ujanja huu wa muda ni wa zamani. Miaka ya 1920 tapeli aliyeitwa Victor Lustig aliuza kisanduku cha mbao chenye vishikizo na vitufe, akidai kinanakili noti ya dola mia. Alikuwa ameficha noti halali ndani, na aliwaambia wanunuzi kila nakala inahitaji saa sita. Mnunuzi alipata noti moja au mbili zilizokuwa zimefichwa, akasubiri nyingine saa sita, zikatoka karatasi nyeupe. Kufikia hapo Lustig alishatoweka. Karne imepita, kisanduku kimekuwa beseni, na saa sita zimekuwa siku tatu.

Mtu anaweza kusema: basi turudi tuwatege, tuwaambie waoshe karatasi ambayo tumeikata pembe sisi wenyewe, na pembe tubaki nayo mkononi. Ni jaribio zuri na lingewaumbua papo hapo, kwa kuwa noti itakayotoka majini itakuwa na pembe zake zote nne. Nawasihi msilifanye. Mkiwa chumbani kwao ni wao wengi, na wameshajua mna kiwanja cha kuuza. Watu huporwa, hupigwa, na huzuiliwa hadi ndugu walete fedha. Chukueni lile jaribio kama la kufikiria tu: muulize kaka kama wangekubali. Yeye amekaa nao, atajua jibu.

Kuna dalili nyingine anayoweza kuikagua kwa kumbukumbu bila kurudi huko. Iodini ina harufu ya chumba cha kufungia vidonda, na huacha doa la kahawia kwenye vidole na kucha linalodumu. Kama ile nyumba ilinukia zahanati, au vidole vyenu au vya yule fundi vilikuwa na rangi ya hina chakavu, mlikuwa mbele ya iodini.

Kuhusu sheria, wengi hukaa kimya wakidhani wao pia ni wahalifu kwa kuwa walikubali kugawana. Kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na adhabu yake inaweza kufika miaka saba jela. Nyinyi mpaka sasa ndio mliolengwa. Kadiri mnavyokwenda mbele, mkileta wateja wengine au mkitunza lile sanduku nyumbani, ndivyo mnavyoanza kuonekana wenzao, kwa hiyo wakati mzuri wa kwenda kituo cha polisi ni sasa, kabla hamjatoa hata senti. Nendeni na namba zote za simu walizotumia, majina ya usajili yaliyoonekana kama mliwahi kutumiana fedha, mahali pa ile nyumba, na karatasi yoyote nyeusi mliyobaki nayo. Msiioshe. Iwekeni kwenye bahasha kavu, kwa sababu maabara itaonyesha kilichopakwa juu yake. Namba za simu za matapeli pia mnaweza kuziripoti kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, ambayo hailipishwi.

Ikiwa kaka ameshatuma malipo ya awali na hakukwambia, jambo ambalo hutokea sana na namwomba aliseme bila kufokewa, apige simu benki yake au mtandao wake wa fedha dakika hii hii. Fedha ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa kwa wakala, ni vigumu mno. Na baada ya hapo ajihadhari na simu itakayokuja wiki mbili tatu baadaye, kutoka kwa mtu atakayejitambulisha kama afisa wa benki au mpelelezi, anayejua kila kitu kuhusu dola nyeusi na kiasi alichopoteza, akimwambia fedha zimepatikana na kilichobaki ni kulipia fomu. Anajua kila kitu kwa sababu orodha ya walioibiwa imo mikononi mwa wale wale.